Jedwali la gharama za ujenzi linapotoa namba za uongo: dalili, chanzo na marekebisho

Wanaoniletea majedwali yao ya ujenzi nikague huwa wana uhakika na jambo moja, nalo ni kiasi walichokwisha kulipa. Risiti zipo, meseji za miamala zipo. Kinachowasumbua ni namba mbili za chini ya ukurasa: nyumba imezidi makisio kwa asilimia ngapi, na zinahitajika shilingi ngapi ili iishe. Namba hizo zikikosea, mara nyingi hukosea kwa upande wa kumfurahisha mwenye nyumba, naye anaanza kupaua akiwa na pesa ya nusu ya bati.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa Dar es Salaam, iliyofika kwenye lenta, makisio yake ya awali yakiwa shilingi 60,000,000. Bei ni za mfano, weka zako.

| A: Hatua | B: Makisio | C: Kilicholipwa | D: Kilichobaki kulipwa | E: Gharama ya mwisho | F: Kuzidi |
|---|---|---|---|---|---|
| Msingi na jamvi | 12,000,000 | 14,100,000 | 0 | 14,100,000 | 17.5% |
| Boma hadi lenta | 13,000,000 | 13,650,000 | 600,000 | 14,250,000 | 9.6% |
| Kupaua | 15,000,000 | 4,000,000 | 12,500,000 | 16,500,000 | 10.0% |
| Umaliziaji | 20,000,000 | 0 | 23,000,000 | 23,000,000 | 15.0% |
| Jumla | 60,000,000 | 31,750,000 | 36,100,000 | 67,850,000 | 13.1% |

Mstari wa 1 ni vichwa, hatua ziko mstari wa 2 hadi wa 5, jumla iko mstari wa 6. Pesa iliyopo mkononi, tuseme 9,000,000, iko seli B8. Fomula ni hizi:

```
E2:  =C2+D2
F2:  =IF(B2>0,(E2-B2)/B2,"Nje ya makisio")
F6:  =(E6-B6)/B6
B9:  =MAX(0,D6-B8)
```

B9 ndiyo pesa inayotakiwa kutafutwa. Hapa inasoma 27,100,000. Kama kompyuta yako inakataa mkato ndani ya fomula, weka nukta-mkato mahali pake.

Dalili: asilimia inasoma hasi, au sifuri, na huku fundi kila wiki anaomba nyongeza

Hii ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote, na ina vyanzo viwili.

Cha kwanza: jedwali linalinganisha kilicholipwa na makisio ya nyumba nzima. Fungua seli ya asilimia uisome. Ukiona C6 imetolewa B6, umepata kosa. Kwa mfano wetu fomula hiyo inatoa hasi 47.1%, kana kwamba kuna karibu nusu ya bajeti imeokolewa. Hakuna kilichookolewa, nyumba haijaezekwa. Malipo ya nusu ya kazi hayalinganishwi na bei ya kazi nzima. Kinacholinganishwa na makisio ni safu E, yaani kilicholipwa pamoja na kitakacholipwa.

Cha pili kimejificha zaidi. Bonyeza seli yoyote ya safu D. Ukikuta `=B4-C4`, basi safu hiyo haijui chochote kuhusu saiti. Imepatikana kwa kutoa, kwa hiyo E itarudi kuwa sawa na B na kila mstari utasoma 0%, isipokuwa ile ambayo malipo yameshavuka makisio na mtu akaiwekea sifuri. Ukiona sifuri zimejipanga kwenye hatua zote ambazo hazijaisha, usihangaike kutafuta zaidi, chanzo ni hiki.

Safu D hujazwa kwa mkono, baada ya kuhesabu. Chukua mstari wa kupaua. Makisio ni 15,000,000, zimelipwa 4,000,000 za mbao, kwa hiyo kwa kutoa tu zimebaki 11,000,000. Lakini tulipokwenda dukani kuchukua profoma mpya, bati na kofia zake zilikuwa 8,900,000. Mbao ambazo hazijanunuliwa na misumari, 1,400,000. Ufundi uliobaki, 2,200,000. Jumla 12,500,000. Pengo la 1,500,000 lilikuwepo siku zote, kutoa kulilificha.

Sasa tazama nyumba nzima. Ukitoa 31,750,000 kwenye 60,000,000 zinabaki 28,250,000; ondoa 9,000,000 zilizopo, utajiambia unatafuta 19,250,000. Hesabu ya saiti inasema 27,100,000. Tofauti ni 7,850,000, na kiasi hicho ndicho nyumba iliyozidi. Haikutokea kwa bahati. Anayepata kilichobaki kwa kutoa hukosea kwa kiasi kilekile ambacho nyumba yake imezidi, kwa hiyo kadiri mambo yanavyoharibika ndivyo jedwali linavyozidi kumpotosha.

Ukienda kuhesabu, nenda na fundi na daftari. Swali la "bado kiasi gani?" litakupa jibu la "bado kidogo tu, bosi." Uliza kwa vipimo: ukuta wa nyuma zimebaki kozi ngapi, milango mingapi haijatengenezewa fremu, vyumba vingapi havijapigwa lipu. Kisha geuza vipimo hivyo kuwa pesa kwa bei za wiki hii. Profoma ya miezi sita iliyopita haifai hapa, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Angalia pia kama bei imejumuisha VAT, ambayo Tanzania bara kiwango chake cha kawaida ni 18%. Profoma mbili, moja yenye kodi na nyingine bila, zikiwekwa kwenye safu moja, zitakupa tofauti ambayo haipo.

*Simama hapa:* kama huna ramani yenye vipimo, au fundi hawezi kukutajia kilichobaki kwa idadi, usijaze D kwa kubahatisha. Tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi akupimie kazi iliyobaki. Ada yake iandike kwenye jedwali kama gharama nyingine yoyote.

Dalili: pesa iliyotoka mfukoni ni nyingi kuliko jumla ya safu C

Jedwali zuri lina ukurasa wa pili, uuite Malipo, wenye tarehe, hatua, maelezo na kiasi kwa kila shilingi inayotoka. Safu C inajikusanyia yenyewe kutoka huko:

```
C2:  =SUMIF(Malipo!B:B,A2,Malipo!D:D)
```

Kosa la kawaida ni jina la hatua. Siku moja umeandika "Kupaua", siku nyingine "Paa", na mara nyingine umeacha nafasi tupu mwishoni mwa neno. Malipo hayo hayaingii popote, wala jedwali halilalamiki. Weka kipimo hiki chini ya jumla:

```
=SUM(Malipo!D:D)-C6
```

Kisiposoma sifuri, kuna malipo yasiyo na hatua. Dawa ya kudumu ni kuifanya safu ya hatua iwe ya kuchagua kwenye orodha badala ya kuandika.

Kosa linalofuata ni kuandika pesa kama tulivyozoea kwenye risiti: 350,000/=. Kwetu ni kiasi, kwa kompyuta ni maneno, na SUM hupita maneno kimyakimya. Tazama safu ya kiasi: namba hukaa upande wa kulia wa seli, maneno hukaa kushoto. Kama mistari ni mingi, tumia hii:

```
=COUNTA(Malipo!D2:D500)-COUNT(Malipo!D2:D500)
```

Jibu ni idadi ya malipo yaliyoandikwa kwa namna isiyohesabika. Kuwa makini pia na 350.000 yenye nukta. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kiingereza itaisoma kama mia tatu hamsini, na vipimo vyote viwili hapo juu havitaikamata. Panga safu kuanzia kiasi kidogo kwenda kikubwa. Malipo ya shilingi 350 kwa lori la mchanga utayaona juu kabisa.

Vikiwa sawa vyote hivyo na bado pesa hazilingani, pengo huwa ni vitu visivyo na risiti: makato ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, nauli, chakula cha vibarua siku ya kumwaga zege, boda iliyopeleka misumari. Vipe mstari wao. Kwenye nyumba ya mwaka mzima si vidogo.

Dalili: hatua moja imeruka ghafla, nyingine imeshuka bila sababu

Kabla ya kumshuku mtu, uliza kama vifaa vimehama. Mifuko 20 ya saruji iliyonunuliwa kwa ajili ya msingi ikabaki, ikajengea boma. Msingi unaonekana umezidi, boma linaonekana limeokoa, na nyumba haijapoteza hata senti. Kwenye Malipo andika mistari miwili: kiasi hasi kwenye msingi, kiasi kilekile chanya kwenye boma. Jumla haitabadilika, asilimia zitasema kweli.

Kama hakuna kilichohama, tenganisha bei na idadi. Hapa ndipo watu wengi hukosea kulaumu, na mimi nilikosea kwenye nyumba yangu mwenyewe. Jamvi lilikuwa la mita za mraba 100, unene wa sentimita 10, yaani mita za ujazo 10 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 mita moja ya ujazo hula takribani mifuko 6.4 ya kilo 50, kwa hiyo makisio yalikuwa mifuko 64 kwa 16,000, sawa na 1,024,000. Iliyotumika ni mifuko 83 kwa 17,500, sawa na 1,452,500. Imezidi 428,500, karibu 42%. Nilijua saruji imepanda bei, na nilikuwa nimeshanung'unika dukani.

Hesabu ilisema vingine. Kupanda kwa bei, 1,500 mara mifuko 64, ni 96,000 tu. Mifuko 19 ya ziada kwa 17,500 ni 332,500. Zaidi ya robo tatu ya hasara ilitokana na idadi. Na mifuko 83 ukiigawa kwa 6.4 unapata karibu mita za ujazo 13: jamvi lilikuwa na wastani wa sentimita 13. Kifusi hakikusawazishwa wala kushindiliwa vizuri, mabonde yake yakajazwa zege.

Ukilijua hili mapema linazuilika kwa uzi na futi. Siku moja kabla ya kumwaga, vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta kwenye usawa wa juu wa jamvi, kisha pima kutoka kwenye uzi kwenda chini hadi kwenye kifusi. Pima katikati ya kila chumba na kwenye pembe zake, si mlangoni peke yake. Mahali panaposoma 13 au 14 paongezwe kifusi na pashindiliwe tena. Kifusi ni rahisi kuliko zege. Panaposoma 7 pachimbwe.

Fomula za kutenganisha ni mbili, ukiwa na bei ya makisio, idadi ya makisio, bei halisi na idadi halisi kwenye H2, I2, J2 na K2:

```
Kwa sababu ya bei:    =(J2-H2)*I2
Kwa sababu ya idadi:  =(K2-I2)*J2
```

Kama bei ndiyo iliyozidi, rekebisha bei hiyohiyo kwenye safu D ya hatua zote zinazofuata, maana saruji ya lipu itanunuliwa dukani kulekule. Kama idadi ndiyo iliyozidi, tafuta chanzo saiti kwa mpangilio huu: vipimo vilivyobadilika, upotevu (tofali zilizovunjika, saruji iliyolowa), kisha ndipo wizi.

*Simama hapa:* hesabu ikionyesha vifaa vimetumika vichache sana kuliko makisio kwenye zege au nondo, usishangilie. Jamvi jembamba, lenta yenye nondo pungufu au mchanganyiko mwepesi vitaonekana kwenye jedwali kama akiba. Mwite mhandisi aliyesajiliwa akague kabla hujaweka uzito wa paa juu yake. Fanya hivyo pia ukiona nyufa, hata kama jedwali liko sawa.

Dalili: asilimia ya kuzidi imepungua na hakuna kilichookolewa

Mtu amegusa safu B. Mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe: umeamua kuongeza baraza la mbele, fundi amekupa bei ya 2,400,000, nawe ukaenda kuiongeza kwenye makisio ya boma. Makisio yakapanda, asilimia ikashuka, na kumbukumbu ya ulipoanzia ikapotea.

Ifunge safu B siku ya kwanza na uihifadhi nakala. Mabadiliko uliyoyaamua yape mistari yake, makisio yake yakiwa sifuri. Ndiyo maana F2 ina IF: bila hiyo, mstari wenye makisio sifuri ungekuonyesha `#DIV/0!`. Pesa ya baraza itaingia kwenye E6 na kwenye B9, na utajua kwamba sehemu hiyo ya kuzidi ni uamuzi wako wala si ya fundi. Mkikaa na fundi kusuluhisha hesabu, tofauti hiyo itawaokoa na ugomvi.

Shimo la choo, kuvuta maji na kuunganisha umeme huwa havimo kwenye makisio ya fundi mjenzi. Uliza sasa. Visipokuwemo, vipe mistari leo, usisubiri siku ya kuhamia.

Dalili: asilimia ya jumla ni kubwa mno kuliko inavyoingia akilini

Angalia kama F6 imeandikwa AVERAGE. Wastani wa asilimia haupimi ukubwa wa hatua. Ongeza kwenye mfano wetu mstari wa geti lililokisiwa 400,000 likagharimu 800,000: limezidi 100%, na wastani unaruka hadi 30.4%. Asilimia ya kweli, inayopatikana kwa jumla ya E na jumla ya B, ni 13.7%.

Dalili: unalipa kila wiki lakini B9 haishuki

Kwanza hakikisha unapunguza D kila unapolipa. Jedwali haliwezi kujua kwamba 900,000 uliyolipa jana ilikuwa sehemu ya zile 12,500,000. Wewe ndiye unayeitoa. Pia shusha B8, maana pesa ya mkononi imepungua. Ukipunguza vyote viwili kwa kiasi kilekile, B9 itabaki palepale, na hiyo ni sahihi: umetumia pesa uliyokuwa nayo, hujapata nyingine. B9 hushuka unapoingiza pesa mpya au kazi inapogharimu pungufu ya ulivyoandika.

B9 ikipanda wiki baada ya wiki, chunguza malipo ya ufundi. Fundi akipewa 80% ya ufundi wa boma huku ukuta ukiwa nusu, kuna uwezekano mkubwa utalipa sehemu ya kazi hiyo mara mbili, kwake au kwa mwingine. Ongeza safu ya asilimia ya kazi iliyofanyika, ipime kwa kozi au kwa vyumba, na usiache malipo ya ufundi yaitangulie. *Simama hapa* kama malipo yameshaitangulia mbali: usitoe nyingine kabla hamjaandikishana kilichobaki na bei yake, mbele ya shahidi.

Dalili: jedwali liko sahihi, pesa haitoshi, na kuna anayeshauri kupunguza

Usipunguze chochote kinachobeba. Nondo za lenta, mbao za kenchi na unene wa zege havishuki bila mhandisi. Umeme pia, mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA hata kama jirani ana wa bei nafuu.

Kinachoweza kufanyika ni kuugawa mstari wa umaliziaji katika vitu vyake na kuweka safu moja zaidi: "kabla ya kuhamia" au "baadaye". Katika mfano wetu marumaru ni 4,800,000, dari za vyumba viwili 1,700,000, rangi ya nje 1,600,000. Ukiviweka baadaye, pesa ya kutafuta kabla ya kuhamia inashuka kutoka 27,100,000 hadi 19,000,000. Gharama ya mwisho kwenye E6 inabaki 67,850,000, asilimia inabaki 13.1%, na zile 8,100,000 zinabaki kwenye safu D zikisubiri zamu yake.